Matokeo ya KCSE: jinsi ya kuandika habari ya shule moja, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi gredi

Kila Januari, habari za matokeo zinazofika mezani kwangu kutoka Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru hufanana kiasi kwamba ukibadilisha jina la shule tu, aya zote zinabaki na maana ileile. Mkuu wa shule amebebwa juujuu na wazazi, wastani umepanda, mtahiniwa wa kwanza anataka kuwa daktari. Waandishi wengi wa mashinani wameniambia wangependa kuandika kitu kingine lakini hawajui pa kuanzia. Wengi wao hukwama kwa sababu moja: wanaanza kazi siku matokeo yanapotangazwa, na siku hiyo wanaopokea simu ni wale walio na jambo la kusherehekea.

Hapa naeleza habari ya aina moja tu. Unachukua shule moja ya kawaida, ikiwezekana ya kutwa, na kufuata kundi moja la wanafunzi tangu waliposajiliwa Kidato cha Kwanza hadi gredi zao zilipotoka. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027, kwa hivyo bado kuna nafasi ya kuifanya kazi hii.

## Unavyohitaji

- Idadi ya wanafunzi waliosajiliwa Kidato cha Kwanza mwaka husika, kutoka daftari la usajili la shule.
- Barua za waliohama na waliohamia.
- Idadi ya watahiniwa waliosajiliwa na KNEC katika shule hiyo.
- Mgawanyo wa gredi: wangapi walipata A, wangapi A-, hadi E. Wastani peke yake hautoshi.
- Alama za KCPE za kundi hilo. Hakuna haja ya majina.
- Kompyuta au simu yenye programu ya jedwali.
- Nauli ya kwenda kijijini angalau mara mbili. Mweleze mhariri mapema, maana pesa hizi hazipatikani ukiziomba Januari.

## Hatua ya 1: Chagua shule kabla ya matokeo

Fanya hivi Novemba au Desemba mwanzoni, watahiniwa wakiwa bado kwenye mtihani au wamemaliza tu. Wakati huo mkuu wa shule hana la kuficha wala la kujivunia, na hukupa daftari bila wasiwasi. Ukimwendea baada ya gredi kutoka, kila nambari utakayoitisha ataiona kama mtego.

Usichague Maseno wala Kakamega School. Shule hizo zilikuwa zikichukua watoto waliopita vizuri KCPE kutoka kila pembe, kwa hivyo gredi zao hukueleza zaidi kuhusu nani aliingia kuliko kuhusu kilichofanyika ndani. Chagua shule ya kaunti ndogo ambayo wanafunzi wake wengi wanatoka umbali wa kutembea. Huko familia, chifu na wazee wa kijiji wanawajua, na utahitaji msaada wao katika hatua ya tano.

Kwa mazoezi, nitatumia shule ya kutwa ya mfano iliyoko Nyando, Kaunti ya Kisumu. Shule hii haipo na nambari zake nimezitunga ili tupige hesabu pamoja, ila kalenda ni ya kweli. Kundi letu ni la KCSE ya 2024, ambayo matokeo yake yalitolewa Januari 9, 2025.

Utajua umefaulu ukiwa na nakala au picha ya idadi ya waliosajiliwa kabla ya Krismasi, pamoja na namba ya simu ya naibu mkuu. Huyo ndiye huwa na madaftari. Mkuu huwa na hotuba.

## Hatua ya 2: Pata idadi tatu

Hapa ndipo habari nyingi huharibikia. Mwandishi husikia "watahiniwa 69" na kuanza kugawanya kwa 69, bila kuuliza 69 hao walibaki kutoka wangapi.

Idadi ya kwanza ni ya walioingia. Kundi la 2024 lilifanya KCPE Machi 2021, kwa sababu mtihani wa 2020 uliahirishwa na korona, na likaingia Kidato cha Kwanza Agosti 2021. Shule yetu ilisajili 96.

Idadi ya pili ni ya waliosajiliwa kufanya mtihani. Kuna njia rahisi ya kuihakikisha. Nambari ya mtahiniwa wa KCSE ina tarakimu 11: nane za kwanza ni za shule, tatu za mwisho ni za mtahiniwa mwenyewe. Uliza nambari ya mwisho kabisa kwenye orodha. Ikiishia 071, waliosajiliwa ni 71. Ukiambiwa idadi tofauti, omba maelezo palepale.

Idadi ya tatu ni ya waliofanya mtihani. Asiyefika huandikiwa X badala ya gredi, na aliyefutiwa matokeo kwa udanganyifu huandikiwa Y. Shule yetu ina X wawili, kwa hivyo waliofanya ni 69.

Sasa hesabu. Walioingia 96, wakahamia wengine 11 kwa miaka hiyo minne: jumla 107. Waliosajiliwa kwa mtihani ni 71. Wamepungua 36. Faili ina barua 14 za waliohama, na naibu mkuu anakuonyesha watano waliorudia kidato na bado wako shuleni. Wanabaki 17 ambao hakuna karatasi inayosema walikwenda wapi.

Onyo: usiandike "17 waliacha shule". Hujui bado. Mtoto anaweza kuhamia kwa shangazi yake Mumias na kujisajili huko bila barua. Kwa sasa unachoweza kusema ni kwamba shule haina kumbukumbu yao.

Utajua umefaulu kama kila mmoja wa wanafunzi hao 107 ana mahali pake: amesajiliwa, amehama kwa barua, amerudia, au hajulikani aliko. Jumla isipolingana, rudi kwenye daftari kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Siku ya matokeo, piga wastani mwenyewe

Wizara iliacha kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014. Orodha za "shule bora" unazoziona hutungwa na vyombo vya habari kutokana na simu za wakuu wa shule, na kila mkuu ana njia yake ya kuhesabu. Omba mgawanyo wa gredi. Mkuu asipokupa, mwalimu wa mitihani ubaoni mwake atakuwa nao kufikia saa kumi jioni.

A ni pointi 12, A- ni 11, na kushuka hivyo hadi E yenye pointi 1. Shule yetu ya mfano ilipata hivi:

| Gredi | Pointi | Watahiniwa |
|---|---|---|
| B | 9 | 1 |
| B- | 8 | 2 |
| C+ | 7 | 5 |
| C | 6 | 9 |
| C- | 5 | 14 |
| D+ | 4 | 17 |
| D | 3 | 13 |
| D- | 2 | 7 |
| E | 1 | 1 |

Weka pointi kwenye safu ya B na watahiniwa kwenye safu ya C, kuanzia mstari wa pili hadi wa kumi, kisha:

```
=SUMPRODUCT(B2:B10,C2:C10)/SUM(C2:C10)
```

Jumla ya pointi ni 306. Ukigawanya kwa 69 unapata 4.43.

Mkuu, lakini, ametangazia wazazi 4.58. Je, amedanganya? Huenda la. Ukimuuliza kwa upole ("Mwalimu, nimepata tofauti kidogo, nisaidie kuelewa") anakuambia kwamba watahiniwa wanne walikuwa wa kurudia kutoka shule nyingine, wote wakapata D-, na shule haiwahesabu kama wake. Toa wanne hao na pointi zao nane: 298 kwa 65 ni 4.58. Hesabu yake imetimia.

Wewe andika 4.43, kisha eleza kwa sentensi moja kwa nini shule inasema 4.58. Msomaji ataelewa, na mkuu hataweza kulalamika kwamba umemchafua.

Onyo kuhusu "imepanda": kuanzia matokeo ya 2023, njia ya kupata gredi ya jumla ilibadilika. Awali Kiingereza, Kiswahili na Hisabati vyote vilikuwa lazima katika hesabu, pamoja na sayansi mbili. Sasa ni Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa alifanya vizuri zaidi. Kitaifa, waliopata C+ na zaidi walitoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133 mwaka 2023. Ukilinganisha shule kati ya miaka hiyo miwili unalinganisha vipimo viwili tofauti. Linganisha 2024 na 2023, au uache.

## Hatua ya 4: Uliza walitoka wapi

Wastani wa 4.43 uko karibu na D+. Kwa mtu aliyezoea kusoma kuhusu Alliance, hiyo ni shule mbovu. Lakini watoto hawa waliingia na alama gani?

Shule nyingi zina njia ya mkato: wanachukua wastani wa KCPE, wanagawanya kwa 500, wanazidisha kwa 12, kisha wanalinganisha na wastani wa KCSE. Usiitumie. Alama za KCPE zilisawazishwa ili mtahiniwa wa kati nchini aangukie karibu na 250. Kwa njia hiyo ya mkato, 250 ni pointi 6, yaani C. Ilhali zaidi ya nusu ya watahiniwa wa KCSE nchini hawafiki C. Mwaka 2024 waliopata C+ na zaidi walikuwa asilimia 25.53 pekee. Kwa hivyo njia hiyo itakuambia karibu kila shule ya kawaida imewarudisha watoto nyuma. Nimeona mkuu mzuri akihojiwa kwa ukali na bodi kwa sababu ya hesabu hiyo.

Badala yake, gawa watahiniwa katika mafungu kwa alama walizoingia nazo, kisha tazama kila fungu lilitoka na nini. Kwa shule yetu, 15 waliingia na chini ya 200, 31 walikuwa kati ya 200 na 249, 20 walikuwa kati ya 250 na 299, na watatu tu walikuwa na 300 au zaidi.

Wale wanane wa C+ na zaidi walitoka wapi? Mmoja ni wa fungu la juu, watatu ni wa 250 hadi 299, na wanne ni wa fungu la 200 hadi 249. Nusu ya waliofuzu kujiunga na chuo kikuu moja kwa moja waliingia wakiwa chini ya alama 250. Hapo una swali la kumpelekea mwalimu: mlifanya nini na hawa wanne? Una swali jingine pia, gumu zaidi: wale wawili walioingia na 300 au zaidi na hawakufika C+, walipatwa na nini?

Majibu ya maswali haya mawili ndiyo habari yenyewe, na mara nyingi hayahusu darasa. Kundi hili lilisoma kwa mihula iliyofupishwa ili kufidia muda wa korona. Mwaka wa mtihani, muhula wa pili uliahirishwa hadi Mei 13 kwa sababu ya mafuriko, na Nyando ni mahali maji yanapofika kwanza. Muhula wa tatu nao ulianza na mgomo wa walimu wa sekondari. Mwanafunzi wa bweni na wa kutwa walipitia kalenda moja, lakini wa kutwa ndiye aliyerudi nyumbani jioni kukuta nyumba imejaa tope.

Onyo: watahiniwa watatu ni wachache mno kutoa asilimia. Andika "wawili kati ya watatu", usiandike "asilimia 67".

## Hatua ya 5: Watafute waliopotea

Kazi hii ndiyo ndefu, na ndiyo inayotenganisha habari yako na zile nyingine.

Usimwombe mkuu majina ya 17 hao ili uyachapishe. Mwombe mwalimu wa darasa, au mzazi aliye kwenye bodi, awapigie simu wazazi kwanza na kuuliza kama wako tayari kuzungumza nawe. Familia zikikubali, nenda ukiwa na mtu anayejulikana kijijini. Chifu husaidia kupata njia, ila asikae kwenye mazungumzo; msichana aliyeolewa akiwa na miaka 16 hatasema lolote mbele ya chifu.

Tuseme umewapata 13. Sita ni wasichana waliopata watoto au kuolewa. Wanne ni wavulana wanaofanya kazi: bodaboda, uvuvi, mashamba ya mpunga ya Ahero. Watatu walihama bila barua na walifanya mtihani kwingineko. Wanne waliobaki hukuwapata, na hivyo ndivyo utakavyoandika: hatukuwapata.

Ukizungumza na wasichana hao, uliza swali moja mahususi: je, kuna mtu wa shule aliyekupigia simu urudi? Miongozo ya serikali ya 2020 inamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni, na inaipa shule wajibu katika jambo hilo. Jibu la "ndiyo, lakini sikuwa na wa kuniachia mtoto" na jibu la "hakuna aliyepiga" zinakupeleka kwa watu wawili tofauti.

Kwa wavulana, uliza tarehe. "Niliacha kwa sababu ya karo" ni jibu la adabu linalopewa mgeni. Uliza ilikuwa muhula gani, deni lilikuwa pesa ngapi, na siku ya mwisho darasani alifanya nini. Mara nyingi utakuta karo ilikuwa jambo la mwisho, na kabla yake kulikuwa na miezi ya kukosa na kurudi.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza safari ya angalau nusu ya waliopotea kwa maneno yao wenyewe, na ukijua mwezi ambao wengi walianza kutoweka.

## Hatua ya 6: Linda majina na picha

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Hili si tishio la karatasini: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Mtahiniwa aliyetimiza miaka 18 anaweza kujiamulia, lakini bado muulize. Na kama umepata nambari za watahiniwa kutoka orodha ya shule, usiingie nazo kwenye tovuti ya KNEC kuchungulia gredi ya mtu ambaye hajakuruhusu. Mgawanyo wa gredi unakutosha.

Aliyepata D+ ndiye utakayehitaji zaidi, kwa sababu 17 walipata gredi hiyo na ndiyo yenye watu wengi zaidi shuleni. Wengi hukubali kuzungumza wakijua hawatapigwa picha. Usimuulize anajisikiaje. Muulize Jumatatu atafanya nini.

## Hatua ya 7: Andika

Anza na kundi zima. Mkuu na mtahiniwa wa kwanza watakuja baadaye. Aya ya kwanza ya shule yetu ingeweza kuwa hivi:

*Agosti 2021, wanafunzi 96 waliripoti Kidato cha Kwanza katika shule ya kutwa huko Nyando. Matokeo ya KCSE yalipotoka Januari, sita kati yao walikuwa wamefuzu hapo kujiunga na chuo kikuu moja kwa moja.*

Kwa nini sita na si wanane? Kwa sababu wawili kati ya wale wanane walihamia baadaye. Hawakuwa katika 96 wa mwanzo. Angalia tofauti. Ukihesabu waliofanya mtihani, mmoja kati ya karibu kila tisa alipata C+ na zaidi. Ukihesabu walioingia, ni mmoja kati ya kila 16. Zote mbili ni kweli, na pengo kati yake ndilo linalohitaji maelezo.

Sema wazi pia mpaka wa hesabu hiyo. Baadhi ya wale 14 waliohama kwa barua huenda walipata C+ kwingine. Weka sentensi hiyo ndani ya aya tatu za kwanza, isije ikajificha chini ambako hakuna anayefika.

Baada ya hapo fuata miaka: mwaka walipoingia, muhula idadi ilipoanza kupungua, mafuriko, mtihani, gredi. Wastani wa shule uingie katikati, pale unapoeleza mafungu ya KCPE, ili msomaji akiuona tayari ajue unapima nini. Mkuu wa shule anazungumza mara mbili: kuhusu wanne waliopanda, na kuhusu 17 waliopotea. Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo anaulizwa jambo moja, nani hufuatilia mwanafunzi anayetoweka bila barua. Asipojibu baada ya simu na ujumbe, andika siku uliyomtafuta.

Kabla ya kutuma, msomee naibu mkuu nambari zote kwa simu. Msomee nambari tu, usimsomee habari. Akisahihisha, omba karatasi inayothibitisha masahihisho hayo. Kwa kawaida hupata moja ya kurekebisha, hasa kwa waliohama.

Usishindane na habari za siku ya kwanza. Mpe mhariri aya nne za shangwe jioni hiyo, kisha umwahidi hii ndani ya siku kumi, kabla shule hazijasahau na familia hazijatawanyika. Halafu weka jedwali lako mahali salama, kwa sababu orodha ya KUCCPS ikitoka utataka kujua ni wangapi kati ya wale wanane walipata nafasi, na wangapi waliweza kuripoti.